Kumi na Moja Iliyofutwa



Mwalimu wa darasa la wakubwa aliniomba tangu Januari niandike ukurasa kuhusu namna ya kuwasaidia watoto wakati wa mitihani. Nilikubali kwa sababu ni vigumu kumkatalia mtu aliyekushikia sahani ya vitumbua. Lakini kila nilipokaa kuandika, nilijikuta natoa nasaha zilezile ambazo mimi mwenyewe nilimpa binti yangu asubuhi ya mtihani wake, na nasaha hizo, naamini sasa, zilimwongezea mzigo. Basi nimeona niwaeleze hilo badala ya nasaha. Binti ameusoma ukurasa huu kabla yenu. Ameniruhusu kwa masharti mawili: nisitaje jina lake, na nisiweke ile picha yake ya utotoni akiwa na masizi ya chungu usoni.

Mwaka juzi, mwezi Machi, shule yake ya kila siku iliwafanyia wanafunzi mtihani wa kuwachagua watakaoingia darasa la hesabu la juu. Maswali yalikuwa 20, na wa kuingia alitakiwa apate 15. Alikuwa na miaka kumi na tatu, na hesabu ndiyo iliyokuwa raha yake. Huyu ni mtoto ambaye tukienda dukani hunitajia jumla kabla mashine haijamaliza kulia. Nilikuwa sina wasiwasi naye hata kidogo. Ila mama ni mama, na garini, tulipokaribia lango la shule, nikamwambia: "Mwanangu, unajua wanavyotusema watu weusi hapa. Leo waonyeshe. Usituaibishe."

Alishuka bila kujibu. Baadaye nilikuja kujua kwamba na mwalimu wake, mtu mwema kabisa, alimwita pembeni kabla ya kuanza, yeye na mwenzake mmoja Mweusi, akawaambia kwamba anatamani sana kuwaona wanafunzi kama wao katika darasa lile, na kwamba mtihani huu utapima uwezo wao halisi. Alitaka kuwatia moyo. Sina neno naye, maana mimi nilikuwa nimeshamtangulia.

Alipata 12.

Nyumbani kwetu siku ile hapakukalika. Nilimwambia maneno ambayo nadhani wengi wenu mmewahi kuyasema, au kuyasikia ukutani kwa jirani. Nikamwambia mimi nimetoka Tanga nikiwa mtu mzima, Kiingereza changu cha kuokoteza, nikafika Minnesota katikati ya baridi, nikafanya mtihani wa hesabu wa kuingilia chuo nikiwa Mwafrika peke yangu chumbani. Dada wa kwenye meza ya usajili alinitazama akasema wengi wenu huanzia darasa la chini kabisa. Nilikasirika mpaka mikono ikawa ya moto, nikaingia na hasira ile, nikafaulu vizuri kuliko nilivyotarajia. "Mimi niliweza," nikamwambia. "Wewe uliyezaliwa na kila kitu, umeshindwa na nini?"

Akajibu polepole, kwa Kiswahili, na hilo ndilo lililonichoma: "Mama, wewe hukuzaliwa hapa."

Nikaona ni utovu wa adabu. Tukanuniana wiki nzima.

Mwezi Mei wazazi tuliitwa tuione karatasi. Nilikwenda nikiwa nimekunja uso. Nikaketi kwenye kile kiti kidogo cha wanafunzi, nikaanza kuyapitia maswali nane aliyokosa. Swali la saba lilikuwa hili: `3(x − 2) = 2x + 5`. Jibu lake lilikuwa 7. Lakini chini ya 7, kwenye karatasi iliyochakaa kwa kifutio, ilisomeka waziwazi namba nyingine: 11. Nyinyi wa darasa la wakubwa fungueni mabano mtaona. Mara tatu x ni 3x, mara tatu mbili ni sita, kwa hiyo `3x − 6 = 2x + 5`, na x ni 11. Alikuwa amelipata jibu sahihi. Kisha akarudi, akalifuta, akalikokotoa upya akasahau kuizidisha ile mbili, akapata 7, na akaliamini kosa kuliko usahihi wake.

Katika maswali yale nane, manne yalikuwa na alama za kifutio, na mawili kati ya hayo jibu lililofutwa lilikuwa sahihi. Mtoto asiyejua hesabu haachi nyayo za namna hiyo. Asiyejua huacha pengo, au huandika kitu kimoja akaendelea. Aliyefuta alikuwa anabishana na mtu, na chumbani hapakuwa na mtu wa kubishana naye.

Mimi kazi yangu ni uuguzi, na jioni nilikuwa namalizia shahada. Miongoni mwa masomo palikuwa na saikolojia, na humo ndimo nilimokutana na jambo ambalo kwa Kiswahili ningeliita tishio la dhana mgando. Dhana mgando ni ile imani ya jumla iliyogandia kundi fulani: wasichana hawawezi hesabu, weusi hawana akili ya darasani, wazee hawakumbuki. Tishio ni lile linalompata mtu wa kundi hilo anapofanya jambo gumu mahali ambapo imani ile inamhusu: hofu kwamba akikosea, hatakuwa amekosea yeye tu, bali atakuwa amethibitisha linalosemwa kuhusu watu wake wote. Si lazima aiamini dhana yenyewe. Inatosha ajue kwamba wengine wanayo, na ajali kufanya vizuri.

Walioipa hofu hii jina ni Claude Steele na Joshua Aronson, katika makala yao ya mwaka 1995. Majaribio yao waliyafanya katika Chuo Kikuu cha Stanford, kwa wanafunzi Weusi na Weupe waliokwisha kuchaguliwa kuingia chuo kigumu kama kile, kwa hiyo si watu dhaifu. Waliwapa maswali magumu ya lugha yaliyotoka kwenye mtihani wa kuingilia masomo ya uzamili, kwa nusu saa. Karatasi ilikuwa ileile kwa wote. Kilichobadilika ni maneno yaliyotangulia. Kundi moja liliambiwa mtihani huu unapima uwezo wako wa akili. Kundi jingine liliambiwa hili ni zoezi la maabara tu, tunachunguza jinsi watu wanavyotatua matatizo, hatupimi uwezo wa mtu. Wanafunzi Weusi walioambiwa kwamba uwezo wao unapimwa walifanya vibaya kuliko wenzao Weusi walioambiwa ni zoezi. Kwa Weupe maneno yale hayakuleta tofauti ya namna hiyo.

Kuna jaribio lao jingine ambalo kwangu ndilo lililonifanya niweke kitabu chini. Safari hii hawakuwapa mtihani, ila waliwaambia tu kwamba mtihani unakuja, kisha wakawapa maneno yaliyoachwa herufi wayakamilishe. Kwa lugha yetu ni kama mtu akupe R A _ _ I. Mmoja ataona "radhi", mwingine ataona "rangi". Wanafunzi Weusi waliotarajia kupimwa akili waliona "rangi" mara nyingi kuliko wenzao, na waliona maneno ya kujitilia shaka pia. Walipoulizwa wamelala saa ngapi usiku uliopita, walitaja saa chache zaidi, kana kwamba wanajiwekea udhuru kabla ya ajali. Na walipopewa fomu yenye sehemu ya kutaja asili yao, ni robo yao tu waliojaza. Katika makundi yale mengine, wanafunzi Weusi walijaza wote.

Hapo nilimkumbuka binti yangu. Usiku ule kabla ya mtihani alinijia jikoni mara mbili kuniambia kwamba kichwa kinamuuma na kwamba huenda asilale. Nilimpa maji nikamwambia aache visingizio.

Katika jaribio la nne la makala ileile waliuliza asili ya mtu mwanzoni mwa karatasi, bila kutaja kabisa kwamba uwezo unapimwa. Kisanduku kile kimoja kilitosha kuwashusha.

Sasa, hili linafanyaje kazi ndani ya kichwa? Tuseme akili ina meza ndogo ya kufanyia kazi. Unapofungua mabano, unaiweka 3x mezani, unaishika 6 kwa mkono mwingine, unakumbuka ile alama ya kutoa, huku unatazama upande wa pili wa usawa. Meza hiyo si kubwa kwa mtu yeyote. Mwaka 2003 Toni Schmader na Michael Johns waliwapa wanawake kazi ya kukumbuka maneno huku wakifanya hesabu ndogondogo. Wale walioambiwa kwamba kazi hii inapima uwezo wa hesabu, na kwamba wanawake na wanaume hutofautiana, walikumbuka maneno machache. Sehemu ya meza ilikuwa imekaliwa na mgeni. Mgeni huyo ni ile sauti inayouliza: je, nimekosea, je, wananionaje, je, nirudie? Ndiyo maana jambo hili huonekana kwenye maswali magumu zaidi kuliko mepesi, kwa kuwa swali jepesi linatoshea hata kwenye kona ya meza. Na ndiyo maana humpata zaidi yule anayejali. Mtoto asiyejali hesabu hana cha kuibiwa.

Yote haya yalinieleza kifutio. Hayakunieleza mimi. Mbona mimi niliambiwa neno baya zaidi, tena usoni, nikafaulu?

Jibu nililipata katika utafiti wa mwaka 2007 ulioongozwa na Kay Deaux, na Steele mwenyewe alikuwa mmoja wa waandishi. Waliwachukua wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Jiji la New York ambao asili yao ni visiwa vya Karibea. Wengine walizaliwa visiwani wakahamia Marekani. Wengine walizaliwa Marekani na wazazi waliohama. Wote ni Weusi, na majina ya koo na vyakula vya nyumbani ni vilevile. Walipofanya mtihani katika hali ya kawaida, makundi mawili yalikuwa sawa. Walipofanya katika hali ya kuamsha lile tishio, yalitengana. Waliozaliwa Marekani walishuka. Waliohamia wakiwa wametoka kwao, walipanda.

Niliusoma ukurasa ule nimesimama, kwenye chumba cha mapumziko cha kazini, chai inapoa.

Yule dada wa kwenye meza ya usajili alinirushia jiwe, lakini halikunipata, kwa sababu mimi sikujua kwamba mimi ndiye aliyekuwa anasemwa. Nilikulia Tanga, mahali ambapo mwalimu wa hesabu alikuwa Mweusi, mwanafunzi wa kwanza alikuwa Mweusi na wa mwisho pia alikuwa Mweusi. Hakuna aliyewahi kuunganisha rangi yangu na mlinganyo. Nilipomsikia nilidhani anawasema watu wengine, na nilikuwa na haraka ya kumwonyesha kwamba mimi si wao. Binti yangu hana "watu wengine" wa kuwaachia. Hapa hakuna anayemwona akasema huyu ni wa Tanga. Polisi hamuulizi bibi yake ni nani, na mwalimu pia haulizi. Ameyasikia yale tangu chekechea, kwenye filamu, kwenye mabasi, kwenye vicheko vidogovidogo vya darasani, na kila mara yeye ndiye anayesemwa. Aliponiambia sikuzaliwa hapa, alikuwa ananieleza kwa maneno matatu kile ambacho watafiti wale walikieleza kwa kurasa nyingi.

Wazazi wenzangu, samahani, lakini nadhani wengi wetu tunaliona hili vibaya. Tunajisifu mbele ya watoto kwamba sisi tulifaulu kwa shida, na tunadhani wao wamelainika. Wengine, na mimi nimo, tumekwenda mbali zaidi: tumewaambia watoto wetu wasijifananishe na Weusi wa hapa, eti sisi tu tofauti. Hilo linaweza kumsaidia aliyekuja jana. Kwa aliyezaliwa hapa ni kumwambia akimbie kivuli chake, tena ni kuikubali ile dhana kwa mlango wa nyuma.

Lazima niseme na upande wa pili, maana nilipoanza kulielewa jambo hili nililiona kila mahali, kama mtu aliyenunua gari jekundu. Matokeo ya Stanford mara nyingi husimuliwa kana kwamba ukiondoa tishio, pengo lote kati ya makundi linatoweka. Sivyo. Watafiti walizirekebisha alama kwa kuangalia kwanza kila mwanafunzi alikuwa amepata nini kwenye mtihani wa kuingilia chuo. Kwa hiyo kilichoonekana ni kwamba bila tishio, tofauti haikuwa kubwa kuliko ile iliyokuwapo tayari. Ile iliyokuwapo tayari ina sababu zake nyingine, za shule mbovu, za kipato, za nani alifundishwa nini na lini. Hizo hazifutwi kwa maneno matamu kabla ya mtihani. Paul Sackett na wenzake walilieleza hili vizuri mwaka 2004.

Kisha kuna swali la ukubwa wa jambo lenyewe. Majaribio mengi ya mwanzo yalikuwa na watu wachache. Na katika sayansi, kama katika magazeti, habari ya "tumeona kitu" huchapishwa, na ya "hatukuona kitu" hubaki mtotoni mwa meza. Paulette Flore na Jelte Wicherts walipoyakusanya mwaka 2015 majaribio kuhusu wasichana na hesabu, waliona dalili kwamba yasiyoona kitu yalikuwa yamebaki humo mtotoni. Mwaka 2018 walichapisha, pamoja na mwenzao, jaribio kubwa la wanafunzi zaidi ya 2,000 wa sekondari Uholanzi, na mpango wote waliuweka wazi kabla ya kuanza ili wasiweze kuchagua matokeo. Wasichana walioelezwa kuhusu tofauti za jinsia hawakushuka. Kwa hiyo anayewaambia kwamba kila mtoto Mweusi au kila msichana hushuka kila akipimwa, anawadanganya. Mimi nalichukulia hivi: jambo lipo, ila si kila mahali na si kwa kila mtu, na huenda ni dogo kuliko tulivyoambiwa kwanza.

Ndiyo maana nilitaka kuipima nyumba yangu mwenyewe. Jumamosi moja mwezi Juni, baada ya darasa la Kiswahili, nilimwekea binti yale maswali nane kwenye meza ya jikoni. Sikumwambia ni mtihani. Nilimwambia nataka kuona swali gani lilikuwa limeandikwa vibaya. Nilikuwa nakaanga samaki, kwa hiyo hata sikumtazama. Baada ya nusu saa alikuwa amepata matano. Matatu aliyashindwa kabisa, na yote matatu yalikuwa ya vipeo hasi: alidhani 2 kwa kipeo cha hasi 3 ni hasi 8, wakati ni moja ya nane.

Najua hilo si jaribio la kisayansi. Jikoni hapakuwa na saa, na maswali alikuwa ameshayaona mara moja. Lakini lilinisaidia kutenganisha vitu viwili ambavyo mwezi Machi nilivichanganya. Vipeo hasi alikuwa havijui, na hapo hakuna tishio wala dhana; palihitajika mtu wa kumfundisha. Yale matano mengine alikuwa anayajua, na siku ile aliyapoteza njiani. Kama ningekuwa nimesoma juu ya tishio tu, ningelilaumu kwa yote manane, na leo angekuwa bado anaandika hasi 8.

Tulizungumza siku ile, samaki wakiwa mezani. Nilimweleza yote niliyoyasoma, pamoja na yale ya Karibea. Alinisikiliza huku akichambua miiba. Kuna sababu ya kumweleza mtoto mambo haya: Johns, Schmader na mwenzao Andy Martens waliona mwaka 2005 kwamba wanawake walioelezwa waziwazi juu ya tishio hili kabla ya mtihani wa hesabu hawakushuka kama wale ambao hawakuelezwa. Wazo ni kwamba wasiwasi ukija, mtu anajua umetoka wapi, hausomi kama ushahidi kwamba hawezi. Sikutegemea sana jaribio moja. Lakini nilipomaliza aliniuliza, "Kwa hiyo ule moyo kunidunda haukuwa wa ujinga?" Nikamwambia haukuwa. Akasema alidhani watu wengine mioyo yao haidundi.

Nikamwomba radhi kwa lile neno la garini. Kwetu wazazi hatuna desturi ya kuwaomba watoto radhi, na nadhani yeye ndiye aliyeona aibu zaidi. Aliondoka kwenda kuosha vyombo bila kuombwa.

Sasa niseme na darasa letu hili la Jumamosi, maana hapa nina ombi. Kila mwaka tunawapa watoto mtihani wa kuzungumza, na tunawaalika babu na bibi waliokuja kutembea wakae mbele. Ni jambo zuri. Lakini mwaka jana mgeni mmoja alifungua kikao kwa utani kwamba watoto wa Ulaya na Marekani Kiswahili chao ni cha kuagizia chakula tu. Tukacheka wote. Wa kwanza kuitwa alikuwa binti yangu, ambaye ugomvi wote niliousimulia hapo juu aliufanya kwa Kiswahili safi. Alisema "shikamoo", akasema jina lake, akanyamaza. Alipoulizwa anapenda nini akajibu neno moja. Wiki ileile kwenye simu na bibi yake wa Tanga alishindwa hata kusema "nimekukumbuka", akanipa simu. Hili nalisema kwa macho ya mama, si kwa utafiti. Ila nimeuliza wazazi watano na wote wamenisimulia mtoto wa namna hiyo, fasaha jikoni na bubu mbele ya wageni.

Ombi langu la kwanza ni dogo: huo utani tuuache mpaka baada ya chakula.

La pili linahusu kalamu nyekundu. Mwaka 2014 David Yeager na wenzake walichapisha jaribio lililofanywa kwa wanafunzi wa darasa la saba Marekani. Watoto waliandika insha, walimu wakazisahihisha kama kawaida, kisha kila insha ikabandikwa kikaratasi. Nusu vilisema tu: haya ni maoni yangu kuhusu kazi yako. Nusu vilisema kwamba mwalimu ametoa maoni haya kwa sababu ana viwango vya juu na anajua mwanafunzi huyu anaweza kuvifikia. Watoto waliruhusiwa kuiandika upya insha wakitaka. Kwa wanafunzi Weusi waliopata kikaratasi cha kwanza, waliorudia kuandika walikuwa 17 kwa mia. Waliopata cha pili, 72 kwa mia. Watoto wenyewe walikuwa 44 tu kwa jumla, kwa hiyo msizishike namba hizo kama amri. Sababu yake lakini inaeleweka. Mtoto anayejua kwamba watu wake wanadharauliwa, akiona karatasi imejaa wekundu, hana njia ya kujua kama mwalimu anaisahihisha kazi au anamhukumu yeye. Kikaratasi kinamtoa kwenye mashaka hayo. Na tazameni kwamba hakikumsifu. Hakikusema kazi ni nzuri wakati si nzuri, na masahihisho yote yalibaki palepale. Kumsifia mtoto ovyo ni namna nyingine ya kumwambia hatukutarajia kitu kutoka kwako.

Nimemwomba mwalimu tujaribu hilo kwenye insha za muhula huu. Amekubali, na safari hii mimi ndiye niliyebeba vitumbua.

Mwaka jana shule ya kila siku iliwapa nafasi ya kurudia ule mtihani wa hesabu. Majira ya joto yote tulikuwa tumefanya vipeo hasi, mpaka mdogo wake wa miaka minane akaanza kuviimba. Asubuhi yenyewe ilikuwa na barafu, na garini nilikuwa na maneno mengi mdomoni, mengine ya sala, mengine ya vitisho. Niliyameza. Tulipofika langoni nikamuuliza kama amechukua penseli.

"Mbili," akasema. "Na kifutio nimekiacha nyumbani."

Alipata 16. Swali moja la vipeo hasi bado alikosa.